Kuhara Kusikoisha: Kimelea cha Maji ya Kisima na Utumbo Unaoshindwa Kunyonya Mafuta

Binti wa jirani yetu ana miaka tisa. Alipoanza kuhara, mama yake hakushtuka, kwani hakuna mzazi wa mwambao asiyekujua kuhara kwa siku mbili tatu kunakofuatana na mvua za kwanza. Alimkorogea maji ya chumvi na sukari ya paketi, akampikia uji mwepesi, akangoja. Siku ya tano ikapita, na ya kumi ikapita. Mtoto hakuwa na homa, wala haja yake haikuwa na damu. Alikwenda shule asubuhi na chuoni alasiri kama kawaida. Lakini kila alipokula, tumbo lilimvimba kama ngoma iliyowambwa, likanguruma hata wenzake wakamcheka, kisha akacheua mbweu zenye harufu ya yai viza. Haja yake ilikuwa laini, ya manjano iliyopauka, yenye kung'aa kana kwamba imemiminiwa mafuta, na uvundo wake ulibaki chooni muda mrefu baada ya yeye kutoka. Ilipofika juma la nne, sketi yake ya shule ilikuwa ikifungwa kwa pini.

Mama huyo alinijia kwa sababu anajua nimetumia miaka mingi ya maisha yangu katika maabara, mbele ya hadubini. Alikuwa na maswali mawili: mbona inanuka hivi, na mbona haiishi? Nilimwambia kuwa majibu yote mawili yako mahali pamoja, juu ya ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, na kwamba mwenye kusababisha haya yawezekana ni kimelea kiitwacho jiadia.

Kimelea hiki ni kiumbe cha seli moja tu, kisichoonekana kwa macho. Mtu wa kwanza kukiona, kwa kadiri ya kumbukumbu zilizopo, ni Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, mfanyabiashara wa nguo aliyejifunza kusaga lenzi kwa mikono yake. Mwaka 1681 alikuwa akiharisha, akaitazama haja yake mwenyewe kwa lenzi hizo, akaona humo viumbe vidogo vyenye tumbo bapa vikienda huku na huku. Maelezo yake yanafanana mno na jiadia, hata wataalamu wa leo hawana shaka sana kuwa ndiye aliyekuwa akimwona. Chini ya hadubini ya kisasa kimelea hiki kina umbo la pea lililokatwa nusu kwa urefu, kina viini viwili vinavyofanana na macho mawili yanayokutazama, na mijeledi minane ya kuogelea. Mara ya kwanza kumwona mwanafunzi wa maabara hucheka, kwani hudhani anatazamwa. Upande wa tumbo lake kuna kisahani kilichobonyea, na kisahani hicho ndicho chanzo cha habari yetu yote.

Lakini jiadia haingii mwilini katika umbo hilo. Ingeingia hivyo, tindikali ya tumbo ingeiua. Huingia ikiwa imejifungia ndani ya kifuko chenye ukuta mgumu, duara la yai lenye urefu wa mikroni 8 hadi 12. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo vifuko sita saba vingeweza kupangwa sambamba juu ya unene wa unywele mmoja. Humo ndani kimelea kimelala, hakili wala hakitembei, na katika maji ya baridi huweza kukaa wiki nyingi kikiwa hai. Hutoka katika haja ya mtu au mnyama aliyeambukizwa, na hungoja tu kumezwa. Wala haihitaji kumezwa vingi. Mwaka 1954 mtafiti wa Marekani aitwaye Rendtorff alichapisha matokeo ya majaribio aliyowafanyia wafungwa waliojitolea, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa kirahisi, akaonyesha kuwa vifuko 10 vilitosha kumwambukiza mtu. Kifuko kumi katika gilasi ya maji hakuna jicho wala ulimi utakaovitambua.

Kinachofuata baada ya kumeza kina ustadi wa kushangaza. Tindikali ya tumbo, ambayo ingepaswa kumwangamiza, ndiyo inayomwamsha. Ukuta wa kifuko unalainika, na mara chakula kinapovuka kuingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale nyongo na majimaji ya kongosho yanapomwagikia, kifuko hupasuka. Kimelea hutoka, hujigawa, na vimelea vipya huanza kuogelea vikitafuta mahali pa kushika. Hapo ndipo kisahani cha tumboni kinapotumika. Kila kimelea hujibandika juu ya ukuta wa utumbo, kama kikombe cha mpira kinavyobandikwa juu ya kioo, kisha kikabaki hapo kikila na kujigawa tena na tena, kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne. Ndiyo maana dalili hazianzi siku ile ile ya kunywa maji. Kwa kawaida hupita wiki moja, pengine mbili, na mama wa binti yetu alikuwa akihangaika kukumbuka mtoto alikula nini jana, ilhali aliyepaswa kukumbukwa ni mtungi wa juma lililopita.

Jiadia haitoboi ukuta huo. Haiingii katika damu, haichimbi vidonda kama afanyavyo amiba wa tumbo, haimwagi sumu kama kipindupindu. Ndiyo sababu mtoto hana homa kali na haja yake haina damu. Sasa kama haijeruhi, inaharibu nini?

Ukuta wa utumbo mwembamba si laini kama bomba la mpira. Umejaa vidole vidogo vidogo, kama manyoya ya zulia nene, na kila seli iliyo juu ya vidole hivyo ina vinyweleo vyake yenyewe, vidogo zaidi, vilivyosongamana kama nywele za burashi. Burashi hii ndiyo inayokipokea chakula. Ndiyo inayoupa utumbo eneo kubwa la kunyonyea, na juu ya vinyweleo vyake ndipo vimekaa vimeng'enya vya kumalizia kazi ya kuvunja sukari, kikiwamo laktesi, kinachovunja sukari ya maziwa. Zamani ilidhaniwa kuwa jiadia humdhuru mtu kwa kuufunika ukuta tu, kama jamvi lililotandikwa juu ya zulia, hata chakula kikakosa njia. Maelezo hayo hayatoshi, kwani hata mahali ambapo kimelea hakikushika, burashi huonekana imefupika. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kinga ya mwili yenyewe: chembe za ulinzi huja kupambana na mgeni, na katika mapambano hayo vinyweleo vya burashi hunyauka na kupungua urefu. Mwili hujikata mwenyewe, kama mwenye nyumba anayemfukuza mwizi akavunja vyombo vyake.

Burashi ikifupika, mambo mawili hutokea, na hayo mawili ndiyo jibu la swali la kwanza la mama.

La kwanza ni mafuta. Mafuta ya nazi, ya samaki au ya mandazi hayawezi kunyonywa hivi hivi; ni lazima kwanza yalainishwe na chumvi za nyongo, yavunjwe na vimeng'enya vya kongosho, kisha yapokewe na burashi iliyo nzima. Jiadia huikorofisha njia hiyo katika hatua zaidi ya moja. Burashi imepungua, kazi ya kimeng'enya cha mafuta hudhoofika, na kimelea chenyewe huchukua sehemu ya chumvi za nyongo kwa mahitaji yake. Mafuta yaliyokosa mpokeaji huteremka hadi utumbo mpana na kutoka nje. Hapo ndipo unapopata ile haja iliyopauka, yenye kung'aa, inayoganda ukutani mwa sinki la choo na kugoma kuondoka kwa maji ya kopo moja, au inayoacha madoa ya mafuta juu ya maji. Katika choo cha shimo hakuna anayeyaona haya, na nadhani ndiyo sababu wazazi wengi huripoti harufu tu. Mwenye mtoto anayetumia poti ana nafasi nzuri zaidi ya kutazama. Pamoja na mafuta hupotea vitamini zinazosafiri ndani yake, hasa vitamini A, na mtoto hukonda huku anakula.

La pili ni sukari. Sukari ya maziwa isiyovunjwa hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kuelekea kwake, na hayo ndiyo mengi ya maji ya kuhara. Ikifika utumbo mpana huwakuta bakteria, mabilioni ya wakazi wa kawaida wa tumbo, ambao kwao hiyo ni karamu isiyotarajiwa. Huivundika sukari hiyo kama togwa linavyovundikwa ndani ya mtungi uliofunikwa, na kila kinachovundikwa hutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayolivimbisha tumbo na kulingurumisha. Katika hewa zinazotokea imo ile yenye salfa, hewa ile ile inayolipa yai viza harufu yake. Nyingine hutokea chini, na nyingine hurudi juu kwa mbweu. Kimelea chenyewe, basi, hakinuki. Kinachonuka ni chakula cha mtoto kilichofika mahali kisipopaswa kufika, kikaliwa na wasiopaswa kukila.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: mbona haiishi? Kuhara kwingi hukoma ndani ya wiki moja kwa sababu kinga ya mwili hujifunza sura ya adui na kumtoa. Jiadia ina hila dhidi ya hilo. Imejifunika vazi la protini moja, na katika hazina yake ya vinasaba imehifadhi mavazi mengine yapatayo 200. Wakati wowote huvaa moja tu. Kinga inapolitambua vazi hilo na kutengeneza silaha za kulipinga, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kubadili, wakaendelea kuzaliana katika vazi jipya, na kinga huanza somo upya. Kwa mtu mwenye afya mapambano hayo huchukua wiki mbili hadi sita kwa kawaida. Kwa wengine huchukua miezi, kuhara kukija na kuondoka: siku tatu nafuu, siku nne tabu.

Wakati huo wote vimelea vingine vinasukumwa kuteremka na chakula. Vikifika chini zaidi utumboni, vikikutana na nyongo nyingi na kukosa mafuta vinayoyahitaji, hujifungia tena ndani ya vifuko na kutoka nje, vikiwa tayari kwa mtu mwingine. Mkono usiosafishwa kwa sabuni baada ya kustanji, hasa mkono wa mtoto mwenye kucha ndefu, huweza kuvirudisha kinywani siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kuna kuhara kusikoisha kwa sababu kimelea hakijatoka, na kuna kusikoisha kwa sababu kimetoka na kurudi. Kwa mgonjwa yote mawili ni kitu kimoja, lakini tiba yake si moja.

Sasa nirudi kwa binti, kwani njia aliyopita ni ile ile wanayopita wengi.

Katika juma la pili alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya kuua bakteria. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia, kwa kuwa jiadia si bakteria na dawa ile haikuwa ya aina yake. Katika juma la tatu alipimwa choo mara moja, jibu likaandikwa kuwa hakuna kilichoonekana. Mama alielewa kuwa hakuna kitu. Hayo ni maneno mawili tofauti, na ningependa kila mzazi ayatofautishe. Vifuko havitoki kila siku kwa wingi ule ule. Leo ni maelfu, kesho havionekani. Kipimo kimoja cha hadubini huikosa jiadia mara nyingi mno, pengine kwa mgonjwa mmoja katika kila watatu, na hata zaidi ikiwa mtazamaji amechoka au sampuli imekaa juani tangu asubuhi. Sampuli tatu za siku tofauti, zilizoachana siku moja au mbili, huinasa kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa. Nimeketi kwenye kiti hicho, na nakiri kuwa yapo majibu niliyoyaandika hivyo jioni ya siku ndefu ambayo leo nisingeyaapia.

Katika juma la nne mtu wa duka la dawa alimpa metronidazoli, ambayo wengi huiita flajili. Hii sasa ni dawa inayoiweza jiadia. Lakini humwachia mtu ladha ya chuma kinywani na kichefuchefu, na kuhara kulipopungua siku ya pili mtoto aliomba aachwe, mama akamhurumia. Kwa utaratibu unaotumika sana dawa hiyo hunywewa kutwa mara tatu kwa siku tano hadi saba, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto. Siku mbili huvipunguza vimelea, hazivimalizi. Baada ya siku sita uvundo ulirudi.

Hapo ndipo aliponijia. Nilimshauri apeleke sampuli tatu hospitali, na ya pili ikawa na vifuko. Daktari alimpa tinidazoli, ndugu ya metronidazoli inayodumu mwilini muda mrefu zaidi, kwa kipimo kimoja tu kulingana na uzito. Kwa mtoto anayeikimbia dawa, kipimo kimoja kinachomezwa mbele ya macho ya mzazi ni bora kuliko vidonge kumi na tano vinavyobaki chini ya godoro. Mama mjamzito asijinunulie mojawapo ya dawa hizi. Kwake uamuzi ni wa daktari, hasa katika miezi mitatu ya kwanza.

Kuhara kulikoma siku ya tatu. Siku ya nane mama, kwa furaha na kwa nia ya kumrudishia mtoto mwili wake, alimpikia uji wa maziwa asubuhi na jioni. Tumbo likavimba, hewa ikarudi, kuhara kukarudi. Alinijia akilia kuwa dawa imeshindwa.

Dawa haikushindwa. Kimelea kilikuwa kimekwisha kufa, lakini burashi ilikuwa bado inaota. Laktesi hukaa kwenye ncha kabisa za vinyweleo hivyo, kwa hiyo ndicho kimeng'enya cha kwanza kupotea na cha mwisho kurejea. Kwa wiki kadhaa baada ya kupona, mgonjwa huweza kuyakataa maziwa kana kwamba bado anaumwa. Namna ya kutofautisha ni rahisi: ondoa maziwa kwa siku nne tano bila kubadili kitu kingine. Kama tumbo linatulia, tatizo ni sukari ya maziwa, nalo huisha lenyewe. Kama kuhara kwa mafuta kunaendelea hata bila maziwa, rudi hospitali na sampuli nyingine. Binti alitulia siku ya tatu. Maziwa ya mgando aliyavumilia mapema zaidi, kwani bakteria wa mgando huwa wamekwisha kuivunja sehemu ya sukari hiyo. Mtoto anyonyaye hili halimhusu. Yeye aendelee na ziwa la mama yake.

Si kila mtu hupona wepesi hivyo. Mwaka 2004, wakati wa majira ya kupukutika kwa majani, mji wa Bergen nchini Norwei ulikumbwa na kuhara kulikoenezwa na maji ya bomba kutoka bwawa la Svartediket. Maji taka yaliyovuja kutoka makazi ya karibu yalishukiwa. Maji hayo yalikuwa yakitiwa klorini kama inavyotakiwa, na klorini hiyo iliwaua bakteria, lakini vifuko vya jiadia vilipita hai. Madaktari walikawia kulitambua, kwa sababu katika nchi yao jiadia ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wasafiri watokao mbali, na maabara hazikuutafuta kwa watu wasiosafiri. Watu zaidi ya 1,200 walithibitishwa kwa vipimo, na waliougua walikadiriwa kuwa maelfu. Miaka mitatu baadaye watafiti waliwauliza hali zao waliougua na wasiougua. Kati ya waliougua, asilimia 46 walikuwa na tumbo lenye kukorofika mara kwa mara, wakati kwa wengine ilikuwa asilimia 14. Na uchovu usioisha uliwapata asilimia 46 dhidi ya 12, ingawa kwa wengi wao kimelea kilikuwa kimekwisha kutoweka zamani. Naitaja Bergen kwa sababu ya klorini ile. Vidonge vya kutibu maji tunavyotumia majumbani vina faida kubwa dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na mwenye navyo asiviache, lakini dakika 30 zinazoandikwa kwenye pakiti hazitoi uhakika dhidi ya jiadia, hasa maji yakiwa na tope au baridi.

Upande wetu wa dunia picha ina sura nyingine. Utafiti mkubwa uliowafuata watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, kituo chake kimoja kikiwa Haydom katika mkoa wa Manyara, uliwakuta wengi wakiwa na jiadia bila ya kuhara. Hata hivyo, waliokuwa nayo mapema na kwa muda mrefu walikuwa wafupi kuliko wenzao walipofika miaka miwili. Hili lina maana mbili kwa mzazi. Kuonekana kwa vifuko katika choo cha mtoto si ushahidi kamili kuwa ndivyo vinavyomharisha, na daktari makini atatafuta pia sababu nyingine. Na mtoto asiyeharisha huweza kuwa chanzo nyumbani. Mdogo wake binti yetu, wa miaka miwili, alikuwa mzima na mchangamfu. Alipopimwa, vifuko vilikuwamo.

Nilikwenda kukitazama kisima chao. Ni kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, na niliuhesabu umbali hadi shimo la choo la nyumba ya pili: hatua 15 za mtu mzima. Inashauriwa usipungue mita 30, na hata hizo ni kwa udongo wa kawaida, ambao huchuja. Mitaa mingi ya mwambao imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, ambamo maji hupita kama yanavyopita kwenye bomba, bila ya kuchujwa na chochote. Kamba na ndoo ya kutekea ililala chini, pale kuku na watoto wanapokanyaga. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kama kioo.

Mwenye nyumba, mzee wa heshima, hakupendezwa na maneno yangu. Aliniambia kuwa kisima kile kimetawadhiwa na watu tangu enzi za baba yake, na maji yake ni tohara. Nilimjibu kuwa katika hilo sina mabishano naye. Maji mengi ambayo najisi haikuyabadili rangi, ladha wala harufu yana hukumu yake inayojulikana, nayo yanatosha kwa udhu. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara. Vifuko vya jiadia havibadili rangi, ladha wala harufu, na tumbo la mtoto halikuumbwa kuuliza maji yanafaa kwa udhu au hayafai. Hupokea kile kilichomo. Maji ya kusukutulia hutemwa, na hatari yake ni ndogo, ingawa watoto wadogo hupenda kuyameza na yafaa kuangaliwa. Hatari kubwa ni pipa la kunywea, hasa lile la chuoni ambalo watoto arobaini huchota kwa kopo moja, vidole vikiwa ndani.

Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii dhidi ya vifuko hivi. Tundu za kitambaa cha kawaida ni pana kuliko kifuko mara kadhaa, kwa hiyo kitambaa huzuia majani na viluwiluwi, basi. Chujio la udongo wa kauri lililotengenezwa kuzuia kitu chenye mikroni moja huvizuia. Lililo la uhakika kwa kila nyumba ni moto: maji yakichemka kwa nguvu, yakatokota dakika moja, hakuna kifuko kinachobaki hai, na kwa wakazi wa milima mirefu inayozidi mita 2,000, dakika tatu. Hakuna haja ya kuchemsha nusu saa na kumaliza mkaa. Kinachoharibu kazi hii ni baada ya hapo, maji yanapomiminwa katika mtungi ambao jana ulikuwa na maji ya kisima, au yanapochotwa kwa kata iliyoshikwa na kila mkono. Chombo chenye bomba dogo chini, au chenye mdomo mwembamba wa kumimina, huondoa tatizo hilo.

Mama wa binti alinunua ndoo ya plastiki yenye bomba na mfuniko, akaanza kuchemsha jioni baada ya kupika, makaa yakiwa bado na moto, maji yakapoa usiku. Mtoto mdogo naye alitibiwa siku moja na dada yake, kwa ushauri wa daktari, ili mmoja asimrudishie mwingine. Kucha za wote wawili zilikatwa, na kipande cha sabuni kikafungwa kwa kamba mlangoni mwa choo kwa urefu wa mkono wa mtoto wa miaka miwili. Katika juma la sita binti alikunywa maziwa yasiyogandishwa, nusu kikombe, na tumbo halikusema neno. Pini ya sketi iliondolewa mwezi uliofuata. Kisima bado kiko pale; mzee amekubali kukijengea ukuta wa mduara na kukiwekea mfuniko, na mazungumzo juu ya lile shimo la choo la jirani hayajaisha.